Maharage ya kilo mbili: jinsi ninavyoyagawa kabla ya kugandisha

Napikia watu, na kila Jumapili nachemsha maharage ya wiki nzima. Zamani nilikuwa najaza ndoo ya aiskrimu ya lita nne, nafunga, natupa ndani ya friza yakiwa bado ya moto. Siku moja asubuhi nilichoma kisu katikati, kikazama hadi chini. Pembeni barafu, ndani vuguvugu, mchuzi una mapovu na harufu ya kuchacha. Nikamwaga yote.

Tangu hapo ukubwa wa chombo naupanga kwa kuangalia mezani. Nauliza jambo moja tu: nikitoa hiki, nani atakila kwa mlo mmoja?

Kilo mbili kavu zikiiva, pamoja na mchuzi wake, kwangu hutoka kama lita sita na nusu. Sisi tuko watano, na mtu mmoja anatosheka na robo lita pamoja na wali. Kwa hiyo makopo matatu ya familia, kila moja lita moja na robo. Kinachobaki, karibu lita mbili na robo tatu, kinaingia kwenye mifuko tisa ya zipu yenye mililita 300. Hiyo ya ziada kidogo ni kwa sababu anayekula peke yake, kijana wangu anayerudi zamu ya usiku, hana mboga nyingine.

Nagandisha ya kuchemsha tu, hayajaungwa. Tui likigandishwa hukatika, likiyeyuka unaona mafuta kando na maji kando. Nazi na kitunguu vinasubiri siku ya kula.

Kabla ya kufunga, namwaga maharage kwenye masinia yasizidi vidole vitatu kimo, nayaweka juu ya beseni la maji yenye barafu na kukoroga. Joto la Dar halipozi chungu lenyewe. Nataka yawe yamepoa ndani ya saa mbili. Kopo nalijaza nikiacha vidole viwili juu, maana mchuzi ukiganda unavimba na kupasua mfuniko. Ila maharage lazima yazame: yanayochungulia nje ya mchuzi hukauka, yanakuwa meupe na magumu kama maganda.

Mifuko naikamua hewa na kuilaza bapa kwenye sinia. Usiku wa kwanza sipangi kimoja juu ya kingine, baridi ipite pande zote. Ikishakuwa migumu, naisimamisha kama vitabu. Mfuko bapa unayeyuka upesi ukiutia kwenye maji ya baridi; kopo nalihamishia kwenye friji tangu jana yake.

Juu naandika tarehe na herufi: F ya familia, M ya mtu mmoja. Wageni wawili wakitokea ghafla, natoa F moja na M mbili, wala sihitaji kupasua barafu kwa nyundo ya kutwangia nyama.