Duka limejaa, lakini chako ni kipi?

Mtu akifungua duka Langoni au Mkomani, rafu zikajaa mchele, sukari, unga na mafuta ya kupikia, majirani humwona ametononoka, na mara nyingi mwenyewe huona hivyo pia. Wengi wanaofika kwenye dawati letu la ushauri wa biashara hapa Lamu huanza kwa kunitajia thamani ya bidhaa walizonazo. Nami huwauliza: katika hizo, zako ni za shilingi ngapi? Kulijibu swali hilo kunahitaji kujua mambo matatu tu, yaani mali, madeni na mtaji.

Mali ni kila kitu chenye thamani ambacho duka linakimiliki au linakidai: fedha za kwenye droo na za M-Pesa, bidhaa, rafu, mizani, dipositi uliyomwekea mwenye chumba, na pesa ambazo wateja hawajakulipa. Madeni ni yote ambayo duka linadaiwa na watu wengine. Toa madeni kwenye mali; kinachobaki ndicho mtaji wako. Wahasibu huandika hivi: mali = madeni + mtaji. Hesabu hiyo haina budi kulingana kila siku, hata siku ambayo hukuuza kitu.

Tuchukue duka la mfano. Mama mmoja ana akiba ya shilingi 60,000, na chama chake kimemkopesha 40,000 bila riba. Ananunua kaunta, rafu na mizani kwa 30,000, anaweka dipositi ya chumba 10,000, na bidhaa za 50,000. Mkononi anabakiwa na 10,000. Mali zake ni 100,000, deni la chama 40,000, mtaji 60,000.

Kisha muuzaji wa jumla anampa mali kauli ya shilingi 30,000, auze kwanza alipe baadaye. Sasa bidhaa zimefika 80,000 na mali zote 130,000. Duka linapendeza. Lakini madeni nayo yamepanda hadi 70,000, na mtaji umebaki palepale, 60,000. Mzigo ule haukumwongezea hata shilingi moja. Utamletea faida ukiuzwa, si unapowekwa kwenye rafu.

Kabla hatujafika mwisho wa mwezi, niseme kidogo kuhusu namna ya kuthamini bidhaa, maana hapa ndipo wengi hujidanganya. Bidhaa huhesabiwa kwa bei uliyonunulia, si bei unayouzia. Faida ambayo bado hujaipata usiiandike. Na hapa kisiwani bei ya kununulia haiishii kwenye risiti ya muuzaji. Mzigo huvushwa kwa boti kutoka Mokowe, ukashushwa gatini, kisha ukabebwa na hamali au punda hadi mlangoni. Tuseme gunia la sukari ni 6,500 na usafiri wote umekula 200. Gunia hilo limekugharimu 6,700, na hiyo ndiyo thamani ya kuandika. Asiyehesabu nauli ya boti hupanga bei ya chini, akafurahia mauzo huku faida ikimponyoka. Unga ulioingia wadudu au uliolowa hauthaminiwi kwa bei ya kununulia tena; andika kile unachoweza kupata ukiuuza, na kama hauuziki, andika sufuri.

Usiandike pia kisicho chako. Friji ambalo kampuni ya soda imekuwekea dukani ni la kampuni, hata likisimama hapo miaka mitano.

Mwezi umekwisha. Yule mama anafunga duka jioni na kuhesabu. Fedha za droo na za M-Pesa ni 11,500. Bidhaa ni 61,000. Daftari la wateja linaonyesha anadai 14,000, lakini 4,000 kati ya hizo ni za watu waliohama au wanaompiga chenga kila akiwauliza. Anaandika 10,000. Najua inauma kuzifuta, na kudai aendelee kudai, ila deni lisilotarajiwa kulipwa likibaki kwenye hesabu linamwonyesha mtaji usiokuwepo. Dipositi ni ileile, 10,000. Kaunta, rafu na mizani anakadiria vitadumu miaka 5, yaani miezi 60, hivyo kila mwezi vinachakaa kwa 500. Sasa vina thamani ya 29,500. Jumla ya mali ni 122,000.

Upande wa madeni, chama amekirudishia 4,000, kimebaki kumdai 36,000. Muuzaji wa jumla amelipwa 5,000, amebakisha 25,000. Kodi ya mwezi uliopita, 5,000, bado hajalipa, na hiyo ni deni hata kama mwenye chumba hajabisha hodi. Jumla ni 66,000. Kama angekuwa amechukua Fuliza, salio lake nalo lingeingia hapa.

122,000 ukitoa 66,000 inabaki 56,000. Mwezi ulianza na mtaji wa 60,000. Duka limepata hasara?

Hapana. Katika daftari lake ameandika kila alichokipeleka nyumbani: mchele, mafuta, na pesa taslimu za karo na za matibabu. Jumla ni 17,000. Mtaji ulipungua kwa 4,000 baada ya yeye kuchukua 17,000, kwa hiyo duka lilizalisha faida ya 13,000. Biashara ni nzima. Nyumba ndiyo iliyokula zaidi ya ilichopewa.

Kama asingeandika alichochukua, angeona 56,000 tu, akadhani duka halilipi, pengine akapandisha bei na kuwakimbiza wateja. Sasa anajua dawa: ajiwekee kiasi asichokivuka, tuseme 9,000 kwa mwezi, na cha nyumbani akiandike siku hiyohiyo, hata kama ni kilo moja ya sukari. Faida ikibaki 13,000, mtaji utapanda kwa 4,000 mwezi ujao na pengo litazibika.

Jambo jingine huwachanganya wageni wa biashara. Ukimlipa muuzaji wa jumla 5,000, droo inapungua na roho inashtuka, lakini deni nalo limepungua kwa kiasi hicho hicho na mtaji haujaguswa. Ukipeleka nyumbani sukari ya 500, droo haikutikisika, ila mali imepungua bila deni kupungua, na mtaji umeshuka kwa 500. Droo peke yake haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo.

Chagua siku moja ya mwezi ya kuhesabu, na uhesabu kabla mzigo mpya haujavuka. Mzigo wa mali kauli wa 15,000 ukifika mchana, nawe ukauhesabu jioni pamoja na bidhaa nyingine huku risiti ikiwa bado mfukoni, mtaji wa yule mama ungeonekana 71,000 badala ya 56,000. Ukiona mtaji umeruka hivyo katika mwezi ambao mauzo yalikuwa ya kawaida, tafuta kwanza risiti ambayo hukuiandika upande wa madeni.