Machungwa 14, lakini tunahesabu 4

Ukipita sokoni Darajani utaona mafungu ya machungwa: manne chini, la tano juu. Muuzaji halipandishi lile la tano juu ya kichwa cha jengine. Hulitia kwenye shimo lililobaki katikati ya yale manne, na hapo hutulia. Atomu za shaba nazo zimekaa hivyo hivyo, na picha hii ndiyo niliyoitumia juzi kumwelewesha mwanafunzi wangu wa kidato cha sita.

Alikuja na daftari lake wazi, akiwa na hesabu ya kutafuta ni sehemu gani ya nafasi ndani ya shaba inayojazwa na atomu zake. "Mwalimu, mimi nimepata 2.09, jibu la kitabuni ni 0.74. Nimekosea wapi?"

Nikamwambia, "Kabla hatujatafuta kosa, mwanangu, itazame namba yenyewe. Pishi mbili za mchele zitaingia katika pishi moja?"

Uwiano tunaoutafuta ni ujazo wa atomu zilizomo ndani ya kisanduku, kugawanya kwa ujazo wa kisanduku chenyewe. Hauwezi kuvuka 1. Ukivuka, basi ama umehesabu atomu vibaya, ama ukubwa wa kisanduku si huo.

Kisanduku hicho ndicho seli ya msingi: kipande kidogo cha fuwele ambacho ukikirudia pande zote unaipata fuwele nzima. Katikati ya karne ya 19 Mfaransa Auguste Bravais alionyesha kwamba mipangilio ya namna hii, yaani latisi, iko 14 tu. Mitatu kati yake ni ya mchemraba: wa kawaida, wenye nukta katikati ya tumbo, na wenye nukta katikati ya kila uso.

Tulianza na hesabu ya atomu. Nilipanga machungwa 14 mezani: matano chini, manne ya pembe na moja katikati yao, juu yake manne, kila moja kwenye shimo lililo ubavuni, kisha matano mengine kama yale ya chini. Huo ndio mchemraba wenye nukta usoni, ule wa shaba. Macho yanaona 14, lakini chungwa la pembe linashirikiwa na visanduku 8 vinavyokutana pale, kwa hiyo letu ni 1/8 tu. La usoni linashirikiwa na visanduku viwili, letu ni 1/2. Basi 8 × 1/8 + 6 × 1/2 = 4. Kwa njia hiyo hiyo mchemraba wa kawaida una atomu 1, na ule wa nukta tumboni una 2, kwa sababu atomu ya tumboni haigawanywi na mtu.

Hapo mwanafunzi wangu alikuwa sahihi. Kosa lake lilikuwa kuandika a = 2r, yaani ubavu wa kisanduku ni sawa na nusukipenyo mbili. Nikamwambia aweke kidole kati ya machungwa mawili ya pembe. Kidole kikapita. Hayagusani! Yanayogusana ni la pembe na lile la katikati ya uso, kwenye ulalo wa uso. Ulalo huo una nusukipenyo nne, na kwa Pithagorasi:

```
a√2 = 4r,  a = 2√2 r
4 × (4/3)πr³ ÷ 16√2 r³ = π/(3√2) = 0.74
```

Swali la kwanza, kwa hiyo, liwe: atomu zinagusana wapi? Katika mchemraba wa kawaida zinagusana ubavuni, a = 2r, na uwiano ni π/6, yaani 0.52. Katika ule wa nukta tumboni, kama chuma cha msumari wa jahazi, zinagusana kwenye ulalo unaopita tumboni kutoka pembe hadi pembe: a√3 = 4r, na uwiano ni 0.68. Ukiweka a = 2r hapa utapata 1.05. Hili ndilo kosa la kuogopwa zaidi, maana limevuka 1 kidogo tu na mtu anaweza kudhani ni la kukadiria desimali.

Idadi ya atomu nayo ina kipimo chake, densiti. Kwa shaba a ni pikomita 361.5, na moli moja ni gramu 63.55:

```
4 × 63.55 ÷ (6.022×10²³ × (3.615×10⁻⁸)³) = 8.94 g/cm³
```

Inakaribiana sana na densiti ya shaba inayopimwa maabara. Aliyehesabu atomu 2 angepata nusu yake.

Angalieni jambo moja tu. Hesabu hizi ni za atomu moja kwa kila nukta ya latisi, na zinachukulia atomu kuwa matufe magumu ya ukubwa mmoja. Almasi pia ina latisi ya nukta usoni, lakini kila nukta inabeba atomu 2. Seli yake ina atomu 8, na bado uwiano wake ni 0.34 tu, kwa sababu kila atomu inagusana na nne, wakati ya shaba inagusana na 12.