Fuwele za barafu kwenye aiskrimu: zinakotoka na namna ya kuzidhibiti bila mashine

Aiskrimu yoyote, hata ile laini kabisa, imejaa barafu. Kinachotofautisha laini na ile yenye chenga ni ukubwa wa vipande vya barafu hiyo, ambavyo huitwa fuwele. Fuwele ikiwa na upana usiozidi kama sehemu 50 za elfu za milimita, ulimi hauitambui. Ikipita hapo, unaanza kuhisi chenga.

Fuwele huanza maji yanapoanza kuganda. Mchanganyiko ukipoa haraka, mbegu nyingi za barafu huota kwa pamoja na kugombania maji yaleyale, kwa hiyo kila moja hubaki ndogo. Ukipoa polepole, mbegu huwa chache na kila moja hujinenepea. Mashine hupoza haraka huku ikikwangua barafu ukutani na kuingiza hewa. Friza ya nyumbani, kwa kawaida nyuzi 18 chini ya sifuri, huligandisha bakuli kwa saa kadhaa bila kulikoroga. Hicho ndicho kikwazo chetu.

Wengi hushauriwa kutoa bakuli kila nusu saa na kukoroga kwa uma. Inasaidia, hasa ukikwangua kingo ambako kuganda huanzia, lakini kila ukifungua friza unaingiza joto, na mkono hauwezi kukwangua bila kupumzika kama mashine. Mimi naona ni afadhali kupanga mambo kabla ya kugandisha: punguza maji yanayoweza kuganda, kisha yatenganishe yasikutane.

Chukua krimu nzito ya maji yenye mafuta asilimia 35, mililita 500, na kopo moja la gramu 397 la maziwa mazito yenye sukari. Krimu hiyo ina maji karibu gramu 300, na kopo lina kama gramu 105 tu, kwa sababu maji mengi yalishaondolewa kiwandani. Jumla ni takriban gramu 400 katika mchanganyiko wa gramu 900, yaani chini ya nusu. Linganisha na maziwa ya kawaida, ambayo karibu asilimia 87 yake ni maji. Isitoshe, zaidi ya nusu ya uzito wa maziwa ya kopo ni sukari, nayo huyashikilia maji. Kadiri barafu inavyojitenga, maji yanayobaki huzidi kuwa shira nzito, na sehemu yake haigandi hata ndani ya friza. Ndiyo maana anayepunguza sukari ili aiskrimu isiwe tamu sana huishia na tofali.

Poza krimu, bakuli na mchapo kwenye friji, kisha piga krimu mpaka ukiinua mchapo isimame na ncha yake ijikunje kidogo. Viputo vya hewa vilivyozungukwa na mafuta ndivyo vitakavyokaa kati ya fuwele na kuzizuia zisiungane. Mimina maziwa ya kopo yaliyopozwa, pamoja na chumvi kidogo sana na vanila, ukichanganya taratibu kwa mwiko kutoka chini kuja juu ili hewa isitoke. Ukitaka matunda, yasage na uyapike kwanza mpaka yawe mazito, kisha yapoe kabisa. Matunda mabichi huleta maji uliyohangaika kuyapunguza.

Tandaza mchanganyiko kwenye chombo cha bati kipana na kifupi, kilichokwisha kupozwa, maana bati hupitisha baridi upesi kuliko plastiki. Bandika plastiki ya chakula juu ya aiskrimu yenyewe bila kuacha nafasi, uweke ndani kabisa ya friza kwa saa 6 au zaidi.

Ikitoka na chembechembe, zisikilize kwa ulimi kwanza. Zile baridi zinazovunjika na kuyeyuka mara moja ni barafu. Zinazoacha mafuta yamegandia kaakaani ni siagi: krimu ilipigwa kupita kiasi, na hapo kugandisha haraka kusingekuokoa.

Kazi haiishii siku ya kwanza, kwani joto la friza hupanda na kushuka. Likipanda kidogo, fuwele ndogo ndizo huyeyuka kwanza. Likishuka, maji hayo huganda juu ya fuwele kubwa zilizobaki, nazo huzidi kukua. Kwa hiyo usiiweke mlangoni, chota unachohitaji na urudishe chombo upesi. Iliyoachwa mezani ikalainika nusu, hata ukiigandisha tena upesi, fuwele zake haziwezi kurudia udogo wake wa awali.