Hotuba ya kumuaga meneja wa siku nyingi ni nini hasa

Hii ni ile hotuba fupi anayotoa mfanyakazi mmoja kwa niaba ya wenzake siku bosi anastaafu au anahama. Watu wengi huichanganya na risala. Risala ya wafanyakazi kwa kawaida inasomwa mbele ya mgeni rasmi na mule ndani kuna mafanikio, changamoto na maombi, sasa mtu anapewa maiki amuage meneja anaanza kulia na posho na gari bovu la ofisi, mzee wa watu kakaa pale na mkewe hajui acheke au ainamishe kichwa.

Ya kuaga haina ombi, ina shukrani tu. Dakika 3 zinatosha, ukiiandika ni kama maneno 300 hivi, karatasi moja.

Ugumu wake uko kwa wasikilizaji. Ukumbini yupo mkurugenzi, yupo dereva, mlinzi, kijana wa fildi aliyeanza juzi, na familia ya anayeagwa ambayo haijui kabisa "ile ishu ya stoo" ni ishu gani. Kwa hiyo utani wa ndani ya ofisi uache, uache pia stori za safari za kikazi na nani alilewa wapi. Na usisome CV, MC ameshaisoma. Itifaki nayo ukisema "itifaki imezingatiwa" basi inatosha, ukianza kutaja vyeo mmoja mmoja dakika yako ya kwanza imeenda na lazima kuna mtu utamsahau anune.

Kinachoibeba ni tukio moja dogo ambalo kila mtu analielewa hata kama hakuwepo. Tuseme anaagwa meneja wa ghala, miaka 22 kazini, inaweza kwenda hivi:

"Ndugu zangu, itifaki imezingatiwa. Mzee wetu, mwaka ule mvua ilipoingia ghalani usiku, sisi tulifika tukakuta umeshakunja suruali unahamisha mifuko ya saruji na mlinzi. Hukumuuliza mtu amechelewa kwa nini, ulituonyesha tu pa kuanzia. Wengi hapa kazi tumeijua kupitia kwako. Mama, asante kwa kutuazima mzee hadi usiku, leo tunamrudisha. Mzee, tunakutakia afya njema na mapumziko mema, Mungu akutunze."

Ona hapo hakuna "mchapakazi hodari, mpenda watu", lile tukio limeshasema. Mke katajwa, dua nayo Muislamu na Mkristo wote wanaitikia amina. Neno "marehemu" au "ametuachia pengo lisilozibika" liache kabisa, hiyo ni lugha ya msibani na mtu mwenyewe yuko hapo anakula pilau.

Ukimaliza mpe mkono, kaa, MC aite zawadi. Usimtangazie ni zawadi gani.