Zumaridi iliyokauka

Mwezi uliopita mama mmoja kutoka Mikindani aliingia dukani kwangu akiwa ameifumbata pete kwenye kitambaa. Tukasalimiana, akaifungua na kusema, "Fundi, jiwe langu limepasuka vipande." Nikalitazama kwa lenzi inayokuza mara 10. Kweli, lilionekana kama limepasuka. Katikati ya ule ukijani palikuwa na utando mweupe unaong'aa kama bawa la kumbikumbi, na kila nikiigeuza pete chini ya taa, utando mwingine ulijitokeza upande mwingine.

Nikamwambia, "Mama, halijapasuka. Limekauka."

Nyufa zile hazikuanzia kidoleni mwake. Zumaridi karibu zote hutoka ardhini zikiwa na nyufa ndogo, na nyingi kati ya hizo hufika hadi juu ya jiwe. Kwa hiyo, tangu zamani wakata vito huzijaza mafuta, hasa mafuta ya mwerezi. Sababu yake unaweza kuiona jikoni kwako: tumbukiza kipande cha kioo safi kwenye mafuta ya kupikia, kinakaribia kupotea machoni. Mwanga ukiwa ndani ya jiwe na ukakutana na hewa iliyomo kwenye ufa, unarudi nyuma kama uliogonga kioo cha kujitazamia, na wewe unaona weupe. Ufa ukiwa na mafuta, mwanga unapita. Kipimo cha kupinda mwanga cha zumaridi ni kama 1.58, cha mafuta ya mwerezi ni kama 1.51, na cha hewa ni 1. Kwa hiyo mafuta hayaufungi ufa, yanauficha tu. Kazi hii inakubalika kote kwenye biashara ya vito, mradi muuzaji amwambie mnunuzi. Huyu mama hakuna aliyemwambia.

Nikamuuliza amekuwa akiioshaje. Akanieleza kwamba alipoona jiwe limefifia aliichovya pete kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga, akaiacha humo akiwa anapika. Baadaye akaipeleka kwa fundi mmoja, naye akaitia kwenye mashine ya kuoshea kwa mitetemo. Maji ya moto huyafanya mafuta kuwa mepesi, sabuni kali huyavuta nje, na mitetemo ikamalizia kuyatikisa yaliyobaki. Mashine ile haina kosa kwa dhahabu tupu au almasi safi, lakini zumaridi haitakiwi kuingia humo hata kwa dakika moja. Mvuke nao vivyo hivyo.

Kuirudisha kulinichukua siku tano. Kwanza nililitoa jiwe kwenye pete, kwa sababu siwezi kufanya kazi ya moto karibu nalo. Kisha nikaliweka kwenye asetoni, ile ile iliyomo kwenye dawa ya kufutia rangi ya kucha, ili mabaki ya mafuta ya zamani na uchafu wa sabuni vitoke. Hapa lazima mteja aambiwe mapema kwamba jiwe litazidi kuwa baya kabla ya kuwa zuri. Lilipotoka na kukauka lilikuwa limejaa weupe, na mama angeliona siku ile nadhani angelia. Halafu nikalizamisha kwenye mafuta ya mwerezi ndani ya chupa nene ya kioo, chupa nikaisimamisha kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu ili mafuta yalainike, na nikaiunganisha na pampu ndogo ya kuvuta hewa kama wanayotumia mafundi wa friji. Hewa ilipoanza kutoka, niliona viputo vidogo sana vikipanda kwa mstari mmoja kutoka kwenye ukingo wa jiwe. Kila kiputo ni hewa iliyokuwa ndani ya ufa. Nilipoirudisha hewa ndani ya chupa, ikayasukuma mafuta kuchukua nafasi ile. Nikaliacha usiku kucha, nikarudia kesho yake.

Watu wengi hapa Mtwara huniuliza kwa nini wasipake mafuta ya nazi tu nyumbani. Naelewa, yapo kila nyumba. Lakini angalia chupa yako asubuhi ya mwezi Julai: imeganda, nyeupe. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na yakiganda ndani ya ufa, weupe ule ule unarudi. Tena yakitangulia kuingia yananiongezea kazi ya kuyatoa.

Baada ya hapo, matunzo ya kila siku ni mepesi. Pete ivuliwe kabla ya kuosha vyombo, kabla ya kusonga ugali juu ya moto, na kabla ya kupaka sanitaiza, kwa sababu spiriti iliyomo inayeyusha mafuta kidogo kidogo. Kuosha ni maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya mtoto, mswaki laini, nusu dakika, kisha kitambaa. Isilowekwe. Hata ukifanya yote haya, mafuta hupungua yenyewe baada ya miaka michache na jiwe hurudishwa kwa fundi. Kuna zumaridi zilizojazwa gundi ngumu badala ya mafuta. Hizo hudumu zaidi, ila baadhi ya gundi hugeuka manjano au nyeupe kwa umri, na kuitoa ni shughuli nzito.

Jambo moja nasisitiza kwa wenye opali: msichukue dawa ya zumaridi mkaipeleka kwenye opali. Ndani ya opali kuna maji, si mafuta, nayo ni sehemu ya jiwe lenyewe. Joto la ghafla linaweza kulipasua, na safari hii ni kupasuka kweli. Opali za Wollo, Ethiopia, zilizojaa sokoni tangu 2008, nyingi hunyonya kama sifongo. Ukiitia majini inakuwa kama kioo na rangi zake zinapotea, kisha hurudi ikikauka polepole kwa siku kadhaa. Lakini ikinyonya mafuta au marashi, doa linaweza kubaki moja kwa moja. Na mchanga wetu wa pwani ni mgumu kuliko opali, basi futeni vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kamwe si kikavu.

Lulu adui yake ni tindikali. Ule mng'ao ni tabaka jembamba la madini ya aina ya chokaa, na ndimu unayokamulia samaki inaula. Jasho nalo linaula, taratibu. Vaa lulu baada ya marashi kukauka, zifute kila unapozivua, na uzi ukionekana mweusi karibu na mafundo, ulete ubadilishwe kabla haujakatika harusini.

Mama alipokuja kuchukua pete yake aliitazama kimya, akaipeleka mlangoni kwenye jua, akarudi. Ukitazama kwa lenzi nyufa bado zipo, nilimwonyesha. Akauliza atajuaje mafuta yakianza kutoka tena. Nikampa kipande cha karatasi nyeupe: kila baada ya miezi michache ailaze pete juu yake usiku mzima, jiwe likiangalia chini. Asubuhi akikuta duara dogo la mafuta kwenye karatasi, au akiona lile bawa jeupe chini ya taa, ailete bila kuiosha.