Mfuko wa maji haufukuzi nzi

Kuna ujumbe unaosambazwa usemao: “Tundika mfuko wa plastiki wenye maji na sarafu mlangoni. Nzi wataogopa mng’ao na kukimbia wenyewe.”

Nzi huvutwa zaidi na harufu ya vinavyooza, na mfuko hauiondoi. Akitoka kwenye kinyesi au jaa, hubeba vimelea vya kuhara miguuni, kwenye vinyweleo na tumboni. Akitua kwenye chakula hutema mate na matapishi ili akilainishe, pengine na kunya papo hapo.

Ukitaka kuhakiki, hesabu nzi wanaotua sehemu ileile kwa sekunde 30, saa ileile, siku kadhaa ukiwa na mfuko na siku kadhaa bila. Saa ni muhimu: jioni, kukiwa na baridi au upepo, nzi hupungua hata bila mfuko. Hapo ndipo wengi huupa sifa isiyo yake.

Kwenye joto, yai huwa nzi kamili kwa takribani siku 7 hadi 10. Kwa hiyo taka za soko zizolewe angalau mara mbili kwa wiki, pamoja na tabaka bichi la chini, maana mabuu hujificha humo na baadaye hutambaa hadi udongo mkavu wa pembeni kugeuka pupa. Kupuliza dawa juu ya jaa huwaacha hao salama. Tundu la choo cha shimo kisicho na bomba la hewa lifunikwe; chenye bomba, bomba hilo liwe na wavu.

Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.