Kubana nywele kwa nguvu hakuzirefushi

"Tangu utotoni naambiwa nywele zikibanwa kwa nguvu zinavutika, zinarefuka. Mbona zangu zinakatika kisogoni?"

Nywele hukua kutoka kwenye shina lake ndani ya ngozi, takriban sentimita 1 kwa mwezi. Sehemu unayoifunga haina uhai, kwa hiyo kuivuta hakuongezi kitu. Rababendi nyembamba hukandamiza mstari uleule kila siku na kuuchubua, hasa ile yenye kiungo cha chuma. Kibanio cha chuma kilichobanduka rangi nacho hukwaruza. Nywele mbichi huvutika zaidi na kukatika kirahisi, na wengi wetu tunazifunga tukitoka tu kuoga!

Okota nywele zilizoanguka, uziangalie. Zenye kijinundu cheupe mwishoni zimeng'oka kwenye shina. Vipande vifupi visivyonacho vimekatika. Zikijaa nywele fupi zinazosimama pale unapofungia, tatizo ni rababendi.

Tumia kibanio kipana cha satini, zungusha mara mbili tu, na usogeze fundo juu au chini kila siku. Kidole kipite chini yake. Zilizokatika zitakawia kurefuka: sentimita 10 ni kama miezi 10. Nywele za kwenye paji zikianza kurudi nyuma, mwone daktari wa ngozi mapema.